Saa ya kawaida 3,000, ovataimu 4,500: kwa wastani nalipwa shilingi ngapi kwa saa?

Mtu_wa_Mashine
Wakuu habari za jioni. Nafanya kazi kiwanda cha plastiki hapa Dar, mwaka wa nne sasa. Mkataba wangu unasema mshahara wa msingi 585,000 kwa mwezi, saa 45 kwa wiki, na umeandika kabisa kwamba saa moja ni 3,000. Ovataimu ni mara moja na nusu, yaani 4,500. Mwezi uliopita nilipiga ovataimu saa 36.

Sasa nimeitwa sehemu nyingine. Wao wanasema saa zote bei moja, 3,300, iwe ya kawaida au ya ziada. Mimi nilichukua 3,000 nikajumlisha 4,500 nikagawa kwa mbili, nikapata 3,750. Nikaona hawa wapya wananipunja shilingi 450 kwa kila saa, nikataka kukataa. Shemeji yangu anasema hesabu yangu si sahihi ila naye hawezi kunieleza kwa nini. Natakiwa kuwajibu Ijumaa. Naombeni msaada, nina familia na sitaki kukosea.

Kijana_wa_Stoo
Mkuu shemeji yako yuko sahihi. 3,750 ingekuwa kweli kama saa za ovataimu zingekuwa nyingi sawasawa na za kawaida. Wewe za kawaida ni 195 kwa mwezi, za ziada 36. Haziwezi kupewa nguvu sawa kwenye hesabu. Ni kama kununua kilo kumi za mchele wa 2,500 na kilo mbili za 3,500. Huwezi kusema umenunua kwa 3,000 kwa wastani, maana mfuko wote karibu ni ule wa 2,500.

Chukua pesa zote, gawa kwa saa zote:

585,000 + (36 × 4,500) = 747,000
747,000 ÷ 231 = 3,234

Hiyo ndiyo saa yako. Kwa hiyo 3,300 inakuzidi kidogo, haikupunji.

Mtu_wa_Mashine
Asante sana mkuu. Ule mfano wa mchele umenifungua. Lakini 3,234 mbona imekaa karibu sana na 3,000? Nilivyochoka mwezi ule, nilidhani ovataimu imeniinua mbali.

Mama_Hesabu
Mwanangu, nimeandaa mishahara ya viwandani miaka kumi na tisa kabla sijastaafu, na hilo swali lako la pili ndilo nililoulizwa kuliko lolote.

Jitazame hivi. Kila saa uliyokaa kiwandani, iwe ya kawaida au ya ziada, ina 3,000 yake ya chini. Saa ya ziada inaongeza 1,500 juu ya hapo. Kwa hiyo nyongeza yako yote ya mwezi ni 36 mara 1,500, sawa na 54,000. Hiyo 54,000 sasa inatandazwa juu ya saa 231 zote. Kila saa inapata shilingi 234. Ndiyo maana umefika 3,234 tu. Wastani hauangalii saa ya ziada inalipwa kiasi gani peke yake, unaangalia ni sehemu gani ya saa zako zote.

Na haiwezi kukuinua mbali hata ukitaka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka mwisho wa saa za ziada kuwa 50 katika kila wiki nne. Wiki nne zina saa za kawaida 180. Ukijaza zote 50 unapata 540,000 na 225,000, jumla 765,000, ugawe kwa 230. Inatoka 3,326. Hapo ndipo juu kabisa kwa mtu wa 3,000 anayelipwa mara moja na nusu bila nyongeza nyingine. Ili ufikie 3,750 yako ungehitaji saa 195 za ziada ndani ya mwezi, na hakuna mwili unaobeba hivyo wala sheria inayoruhusu.

Nikuombe kitu. Usiishie kwenye mkataba. Weka hapa mistari ya slipu yako ya mwezi ule, ficha jina na namba.

Kisauni_Mwenyewe
Salamu kutoka Mombasa. Jamani mbona mnagawa kwa 195? Mshahara wa mwezi hugawanywa kwa 225 ndipo upate saa. 585,000 kwa 225 ni 2,600, na ovataimu yake ni 3,900. Mimi hapa ndivyo ninavyolipwa na afisa wa leba aliniambia ni sawa.

Mama_Hesabu
Kaka, hujakosea kwa huko kwenu. Kenya agizo la jumla la mishahara linahesabu wiki ya saa 52, na 52 mara wiki 4.333 za mwezi inakuja 225. Tanzania Bara wiki ya kawaida ni saa 45, na jedwali lililo mwishoni mwa sheria yetu linasema wazi: mshahara wa mwezi ugawe kwa 4.333 mara saa za kawaida za wiki. 45 mara 4.333 ni 195. Kwa hiyo kigawanyo kinafuata wiki ya kazi ya mahali ulipo.

Kisauni_Mwenyewe
Nimekufahamu mama. Ahsante.

Kijana_wa_Stoo
Mimi kwa faida ya wengine niongeze njia ninayotumia, maana mimi ni kibarua wa saa na wiki zangu hazifanani. Natafuta wastani wa kila wiki, mwisho wa mwezi najumlisha wastani zote nagawa kwa idadi ya wiki. Mfano wiki hizi mbili, saa yangu ni 2,400. Ya kwanza nilifanya 45 za kawaida na 9 za ziada, 140,400 kwa saa 54, wastani 2,600. Ya pili mashine ya kupakia iliharibika, nikafanya saa 18 tu, wastani 2,400. Kwa hiyo wastani wangu ni 2,500.

Mama_Hesabu
Mwanangu, hapo umerudi kwenye kosa lilelile ulilomsahihishia mwenzako. Wiki ya saa 18 umeipa nguvu sawa na wiki ya saa 54. Jumlisha pesa: 140,400 na 43,200 ni 183,600. Jumlisha saa: 72. Gawa, utapata 2,550. Wastani wa wastani unakubali tu pale kila wiki ikiwa na saa zilezile, na kwa kibarua hilo halitokei.

Kijana_wa_Stoo
Aisee. Shilingi 50 kwa saa nimekuwa najipunja mwenyewe kwenye daftari. Nashukuru mama.

Mtu_wa_Mashine
Nimerudi kutoka shifti. Slipu inasema hivi:

Mshahara wa msingi: 585,000
Ovataimu saa 36: 131,625
Jumla kabla ya makato: 716,625

Mimi siku zote huwa naangalia mstari wa mwisho, ile inayoingia benki. Leo ndiyo mara ya kwanza naiangalia hii 131,625. Si ilitakiwa iwe 162,000?

Mama_Hesabu
Ndiyo, ilitakiwa hivyo kwa mujibu wa mkataba wako. Na namba hiyo inajieleza yenyewe ukiirudisha nyuma polepole.

131,625 gawa kwa saa 36, unapata 3,656.25. Hiyo ndiyo waliyokulipa kwa saa ya ziada. Igawe kwa 1.5, unapata 2,437.50. Hiyo ndiyo saa ya kawaida ambayo mfumo wao unaijua. Sasa 585,000 gawa kwa 2,437.50. Inatoka 240 kamili.

240 ni siku 30 mara saa 8. Mtu aliyeweka mfumo wa mishahara amehesabu kana kwamba unafanya kazi kila siku ya mwezi, Jumapili zote zikiwemo. Nimeliona kosa hili mara nyingi, na mara nyingi si wizi wa makusudi. Mtu anachukua siku 30 kwa sababu ndizo zilizoko kwenye kalenda. Lakini matokeo yake ni kwamba saa yako ya kawaida inaonekana ndogo kuliko ilivyo, na ovataimu inafuata udogo huo. Neno "mara moja na nusu" linabaki kweli kwenye karatasi huku pesa ikipungua.

Kwa slipu hiyo, wastani wako halisi si 3,234. Ni 716,625 gawa kwa 231, karibu 3,102.

Mlinzi_wa_Lango
Samahani naingilia. Mimi ni mlinzi, naingia saa 12 jioni natoka saa 12 asubuhi. Je, usiku si unalipwa mara mbili? Maana ndugu wa mashine kama ana shifti za usiku adai mara mbili.

Mama_Hesabu
Hapana ndugu yangu, mara mbili si ya usiku. Usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, nyongeza ni asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Kama saa hiyo ya usiku ni ya ziada pia, asilimia 5 inapigwa juu ya kiwango cha ziada. Kwa mwenye 3,000, ovataimu ya usiku ni 4,500 na 225, yaani 4,725. Mara mbili ni ya siku ya mapumziko ya wiki na ya sikukuu.

Kwako wewe swali kubwa ni hizo saa 12 kila usiku na siku ngapi kwa wiki. Fungua uzi wako utupe mkataba, nitakuja.

Mtu_wa_Mashine
Mama subiri. Umesema siku ya mapumziko ni mara mbili? Sisi tunaingia Jumatatu hadi Jumamosi, saa saba na nusu kwa siku. Katika zile 36, saa 8 zilikuwa za Jumapili. Kulikuwa na oda ya ndoo, tukaitwa. Slipu imeziweka zote pamoja.

Mama_Hesabu
Basi hesabu inabadilika tena, na sasa tuna bei tatu badala ya mbili. Njia ni ileile.

Saa 195 za kawaida: 585,000
Saa 28 za ziada kwa 4,500: 126,000
Saa 8 za Jumapili kwa 6,000: 48,000

Jumla 759,000, gawa kwa 231, wastani 3,286. Ulicholipwa ni 716,625. Pengo ni 42,375 kwa mwezi huo mmoja.

Kama unatumia kompyuta au simu yenye jedwali, weka saa safu ya B na bei safu ya C, kisha:

```
=SUMPRODUCT(B2:B4,C2:C4)/SUM(B2:B4)
```

Ikiongezeka sikukuu au usiku unaongeza mstari, na kurefusha B4 na C4 zifike mstari wa mwisho. Kosa ninaloliona ni watu kuandika AVERAGE kwenye safu ya bei. Hiyo inarudisha 3,750 yako ya mwanzo, au mbaya zaidi, kwa bei hizi tatu inakupa 4,500.

Dereva_Mstaafu
Kijana, makato je? NSSF na kodi hujaweka. Huwezi kusema saa yako ni 3,286 wakati benki inaingia pungufu. Wastani wa kweli ni wa kinachofika mkononi.

Mtu_wa_Mashine
Shikamoo mzee. Ile 3,300 ya wapya nayo ni kabla ya makato, nimewauliza. Kwa hiyo nalinganisha zote kabla ya kukatwa.

Dereva_Mstaafu
Marahaba. Basi uko sawa, mradi pande zote ni za namna moja. Nilidhani wanakupa mkononi.

Bint_Sheria
Nimefuatilia tangu mwanzo. Naona wote mnalinganisha 3,286 na 3,300 kana kwamba ni vitu vya aina moja. Sivyo.

Kwanza, "saa zote bei moja". Sheria inataka saa ya ziada ilipwe si chini ya mara moja na nusu ya mshahara wa msingi. Kama msingi wa huko ni 3,300, basi saa ya 46 ya wiki ilitakiwa iwe 4,950. Kama wanasema ovataimu imeshaingizwa humo ndani, basi msingi wako halisi ni mdogo kuliko 3,300, na waandike ni kiasi gani. Bila hivyo hutaweza kudai chochote baadaye, kwa sababu hujui unaanzia wapi.

Pili, ulipo sasa unalipwa kwa mwezi. Sikukuu ikiangukia Jumatano, 585,000 haipungui. Ukienda likizo ya siku 28, 585,000 inakuja wakati hujagusa mashine. Wapya wanalipa kwa saa. Waulize: sikukuu nisipofanya kazi nalipwa? Likizo nalipwa?

Hilo lina uzito kuliko mnavyodhani. Msingi wako wa mwaka ni 7,020,000 kwa saa 2,340. Toa saa 180 za wiki nne za likizo, zinabaki 2,160 ulizofanya kazi kweli. 7,020,000 gawa kwa 2,160 ni 3,250 kwa kila saa uliyosimama kwenye mashine, na hapo sijaweka ovataimu hata moja. Kama wapya hawalipi likizo, 3,300 yao unaifikia kwa saa 90 tu za ovataimu katika mwaka mzima.

Kijana_wa_Stoo
Dada mimi sikubaliani na hilo la kwanza. Kama mtu amekubali mwenyewe 3,300 kwa saa zote na ameweka sahihi, makubaliano ni makubaliano. Vibarua wengi tunaishi hivyo.

Bint_Sheria
Kaka, tunaishi hivyo kwa sababu hatudai. Mtu hawezi kuweka sahihi ya kulipwa chini ya kiwango cha chini cha sheria kisha sahihi ikaishinda sheria. Hata hivyo nakiri kuna waajiri wanaoandika msingi mdogo kisha wanaongeza posho hadi ifike 3,300, na posho haziingii kwenye msingi wa kupigia ovataimu. Hapo inakuwa ngumu zaidi, na ndiyo maana nasisitiza aone karatasi.

Kijana_wa_Stoo
Sawa, lakini akianza kuwauliza yote hayo kabla hajaingia, kazi ataipata? Mimi ningeogopa.

Mama_Hesabu
Nampa mkono binti, hasa kwenye likizo. Niongeze upande wa pili ili mwanangu asiione ofa kuwa mbaya bila sababu. Kama huko wanalipa likizo na sikukuu kwa 3,300, basi mwezi usio na ovataimu kabisa unapata 643,500, wakati hapo ulipo unapata 585,000. Oda zikipungua, bei moja inakulinda. Ulipo sasa, ukilipwa sawasawa kwa mara moja na nusu, unaifikia 3,300 pale tu saa za ziada zinapokuwa moja ya tano ya saa zako zote, karibu saa 49 kwa mwezi. Wewe huwa unapiga ngapi kwa miezi ya kawaida?

Mtu_wa_Mashine
Inategemea mama. Msimu wa ndoo na mabeseni, thelathini na kitu. Mwezi wa pili na wa tatu mwaka huu sikupata hata kumi.

Mama_Hesabu
Basi usichukue mwezi mmoja. Kusanya slipu za miezi 12, jumlisha pesa zote, jumlisha saa zote, gawa mara moja mwishoni. Mwezi wa saa 36 ndio uliokufanya uandike hapa, lakini si ndio mwaka wako.

Mlinzi_wa_Lango
Na lile pengo la 42,375 analidai wapi? Au likishapita limepita?

Bint_Sheria
Aanze kwa mhasibu wake, kwa maandishi na kwa upole, akionyesha ule mgawanyo wa 240. Kama kiwanda kina tawi la chama cha wafanyakazi cha TUICO, amwone mwakilishi. Ikishindikana kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na huko mgogoro usiohusu kuachishwa kazi unatakiwa ufikishwe ndani ya siku 60 tangu ulipotokea. Kwa hiyo slipu ya mwezi uliopita asiiweke kabatini. Za nyuma zaidi atalazimika kuomba kuongezewa muda, na hapo anahitaji sababu.

Mtu_wa_Mashine
Wakuu, leo Alhamisi. Nimekwenda kwa mhasibu na karatasi yenye hesabu ya mama. Aliisoma kimya, akafungua mfumo wake, akaniambia kweli imeandikwa 240 na ipo hivyo tangu alipoajiriwa. Amesema atapeleka kwa bosi wake, maana ikibadilishwa itabadilika kwa wote. Kuhusu Jumapili ameomba daftari la lango, kwa sababu kwake zimeingia kama saa za ziada za kawaida. Daftari linaonyesha niliingia saa 2 asubuhi, lakini msimamizi hakusaini kutoka kwangu.

Wale wapya nimewatumia ujumbe kuuliza likizo na sikukuu. Wamejibu la sikukuu tu: hawalipi usipofanya kazi. La likizo bado. Nimewaomba wanipe hadi Jumatatu, na usiku huu nakaa na slipu kumi na moja. Ya mwezi wa nne siioni.

Mama_Hesabu
Fanya na hizo kumi na moja, pesa na saa za mwezi wa nne uziache nje zote mbili. Usiweke pesa ya mwezi ambao saa zake huzijui.